Vidonge Vyeupe Kwenye Sahani: Jinsi ya Kuzungumza na Kijiji Kuhusu Kugawana Dawa

Ukiombwa kuzungumza kwenye mkutano mkuu wa kijiji kuhusu tabia ya kugawana vidonge nyumbani, jambo la kwanza ni kuhakikisha hukuwekwa baada ya ajenda ya mapato na matumizi. Ajenda hiyo ikishafunguliwa, nusu ya watu wamepandwa na hasira na nusu nyingine wanatazama jua. Akina mama, ambao ndio hasa wanaotunza dawa za nyumba nzima, wameshaanza kuondoka kwenda kupika. Mwone mwenyekiti na mtendaji siku mbili tatu kabla, uwaombe robo saa mara tu mkutano unapofunguliwa. Wakikwambia utapewa dakika kumi, zichukue. Zinatosha, mradi usitake kusema kila kitu.

Hapo ndipo wazungumzaji wengi wanapokosea. Mtu anapewa mada ya dawa, anasimama na kuanza kuorodhesha: dawa zinaharibu figo, zinaleta mzio, zinaharibu mimba, zinajenga usugu. Yote ni kweli, ila msikilizaji anarudi nyumbani na neno moja tu, kwamba dawa ni hatari, na hilo halimsaidii usiku ambapo babu anaomba kidonge na kisanduku cha dawa kiko mkononi mwake. Chukua dawa moja, uieleze mpaka mwisho. Nakushauri uchukue kidonge cha kisukari kinachoitwa glibenklamaidi, kile cha miligramu 5. Kimetumika miaka mingi, ni cha bei nafuu, na wazee wengi wenye sukari wamewahi kukimeza. Mara nyingi huwa kidogo na cheupe. Akikimeza mtu asiyehusika nacho, madhara hayasubiri miaka. Yanaweza kuonekana usiku uleule.

Kabla ya siku ya mkutano

Nenda zahanati umwone mganga au mtoa dawa, umweleze unachotaka kufanya. Mwombe akuazime vidonge vinne vidogo vyeupe, kila kimoja kwenye mfuko wake mdogo wa plastiki unaoonyesha ndani na uliofungwa: glibenklamaidi ya kisukari, amlodipini ya presha, prednisoloni wanayopewa baadhi ya wenye pumu, na setirizini ya mzio na mafua. Si lazima viwe hivi hivi. Dawa za zahanati yenu zinategemea kiwanda kilicholeta mzigo safari hii, kwa hiyo mwache mtoa dawa mwenyewe achague vinne vinavyofanana kuliko vyote alivyonavyo. Kila mfuko uandikwe namba kwa nje, na majina ubaki nayo kwenye karatasi mfukoni. Andikishaneni idadi mnapokabidhiana. Vidonge vinne vimetoka, vinne virudi siku hiyohiyo.

Mwulize pia mtoa dawa mambo matatu kuhusu zahanati yenyewe, kwa sababu utaulizwa: kama mashine ya kupimia sukari ipo na vijiti vyake vipo, kama wana glukosi ya kuweka kwenye mshipa, na usiku mtu agonge mlango gani. Ukisimama mbele ya watu ukawaambia wakimbilie zahanati, kumbe vijiti vya kupimia viliisha mwezi uliopita, hawatakusikiliza tena. Kama havipo, sema kwenye mkutano kwamba mgonjwa wa aina hii apelekwe moja kwa moja kituo cha afya au hospitali fulani, uitaje kwa jina. Zungumza pia na mmoja wa waendesha bodaboda ili ajue anaweza kuamshwa.

Namna ya kuanza

Salimia kama unavyosalimia siku zote, wazee kwanza. Usianze kwa kulaumu. Watu hawagawani dawa kwa ujinga. Wanagawana kwa sababu zahanati iko mbali, kwa sababu dawa za mwezi huu ziliisha kabla ya tarehe, kwa sababu nauli haipo, na kwa sababu mtu wako akikwambia anaumwa huwezi kukaa na dawa mkobani ukamtazama tu. Ukilisema hilo wazi mwanzoni, wale waliotoa kidonge wiki iliyopita hawatainamisha vichwa. Watakusikiliza.

Kisha toa sahani nyeupe, au sinia. Panga mifuko minne juu yake na umwite mzee mmoja mwenye presha ambaye umeshazungumza naye kabla, akakubali. Usimwite mtu kwa kumshtukiza. Mwambie hivi:

"Mzee wangu, shikamoo. Tusaidie. Hapa kuna vidonge vinne. Kimoja ni cha presha, kama kile unachomeza kila asubuhi. Tuonyeshe ni kipi."

Mwache achukue muda wake, asogeze sahani kwenye mwanga, na wengine wamsaidie kwa kelele zao. Watu watabishana: namba mbili, hapana namba nne, tazama kile chenye mstari katikati. Usiingilie. Mabishano hayo yanafanya kazi ambayo hotuba yako haiwezi kuifanya. Akishachagua, toa karatasi usome majina, namba moja mpaka nne. Awe amepata au amekosa, mwambie: "Mzee, hata mimi bila karatasi hii nisingejua." Liseme kwa dhati, kwa sababu ndivyo ilivyo. Mtoa dawa mwenyewe, ukimpa kidonge kisicho na pakiti wala maandishi, hana haki ya kukisia.

Hapo waambie jambo ambalo wengi hawajawahi kuelezwa: rangi na umbo la kidonge vinachaguliwa na kiwanda, si na ugonjwa. Hakuna sheria inayosema dawa ya presha iwe nyeupe na ya kisukari iwe ya bluu. Kwa hiyo dawa mbili zisizohusiana kabisa zinaweza kufanana kama chumvi na sukari, na dawa ileile moja, ikitoka kiwanda kingine, inaweza kuja na rangi nyingine mwezi ujao. Ndiyo maana mtu anayesema "nazijua dawa zangu kwa kuziona" anajua tu dawa za kiwanda kimoja za mwezi mmoja.

Kisa cha kusimulia

Sasa simulia kisa. Usitumie kisa cha mtu wa kijijini kwenu, hata kama unacho na kila mtu anakijua, maana familia ile itaondoka na aibu na wengine watabaki na umbea. Tumia hiki, na uwaambie wazi kwamba ni cha kutunga. Nimekitunga mwenyewe, ila kila hatua yake ndivyo dawa hii inavyofanya kazi mwilini.

Babu mmoja wa miaka sabini ana presha. Amepewa amlodipini, kimoja kwa siku, na zimemwishia tangu juzi. Jioni anahisi kichwa kizito, anajisemea presha imepanda. Anakwenda nyumba ya pili kwa mke wa mdogo wake, ambaye ana presha na kisukari pia.

"Shemeji, zangu zimekwisha. Nisaidie kimoja nivuke usiku huu, kesho nitakwenda zahanati."

"Karibu, shemeji. Ila zangu nimezitia zote humu, za presha na za sukari. Zile bahasha zilichanika."

"Hizi ndogo nyeupe ndizo zangu. Nazijua."

Anachukua kimoja, anakimeza saa mbili usiku kwa maji. Chakula hakukitamani, alionja matonge mawili ya ugali akaosha mikono. Alichomeza ni glibenklamaidi.

Hapa simama kidogo kwenye kisa, ueleze kinachotokea ndani. Kongosho la babu ni zima. Kazi yake ni kutoa insulini kwa kipimo, nyingi baada ya chakula na kidogo wakati wa njaa, ili sukari kwenye damu isizidi wala isipungue. Glibenklamaidi inalilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama sukari haiko juu. Kwa mgonjwa wa kisukari, ambaye sukari yake imepanda, hilo ndilo linalotakiwa. Kwa babu, ambaye sukari yake ni ya kawaida na tumbo lake halina kitu, sukari inaanza kushuka na dawa inaendelea kusukuma. Ubongo hauna akiba ya maana ya sukari, unategemea inayoletwa na damu dakika kwa dakika. Kwa hiyo sukari ikishuka sana, akili na tabia ya mtu huharibika mapema.

Rudi kwenye kisa. Karibu saa nne usiku babu anatetemeka mikono na moyo unamwenda mbio. Anafikiri ni presha. Saa sita bibi anamgusa, shuka limelowa jasho na ngozi yake ni ya baridi. Anamuuliza kitu, babu anajibu maneno yasiyoeleweka, kwa ukali ambao si wake. Kijana wa nyumbani anasema babu amelewa. Mwingine anasema ni malaria imempanda kichwani. Wanamfunika blanketi wasubiri kukuche. Alfajiri babu anakoroma na haamki hata akitikiswa.

Zahanati wanapima malaria, hakuna. Wanapima sukari, mashine inasoma 1.8. Kwa mtu anayetumia dawa ya kushusha sukari, namba ikiwa chini ya 4 tayari ni ya kuchukua hatua, na chini ya 3 ni hatari. Wanamwekea glukosi kwenye mshipa. Baada ya dakika chache babu anafungua macho, anauliza yuko wapi, anaomba chai.

Kisa chote kinaelekea kwenye saa chache zinazofuata, kwa hiyo kisimulie polepole. Familia inafurahi, kijana anakwenda kuita bodaboda, wanataka kurudi nyumbani. Mganga anakataa. Anauliza babu alimeza nini jana, bibi anataja kile kidonge cha shemeji, na mganga anaandika rufaa ya kwenda hospitali. Wanaona anawasumbua. Saa nane mchana, hospitalini, babu akiwa ameshakula na amechangamka, anaanza tena kutoka jasho. Sukari imeshuka mara ya pili, 2.6. Dripu inarudi, na hawamruhusu mpaka siku ya pili, sukari ilipokaa yenyewe bila kusaidiwa.

Sababu ni kwamba glukosi iliyowekwa mshipani inatumika ikaisha kwa muda mfupi, lakini glibenklamaidi inaweza kufanya kazi saa ishirini na nne, na zaidi kwa mzee ambaye figo zake zimechoka. Figo ndizo zinazosaidia kuiondoa. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina tahadhari kwamba dawa hii haifai kwa watu waliozidi miaka 60, hata kama ni wagonjwa wa kisukari kweli, kwa sababu hii hii ya kushusha sukari kupita kiasi. Liseme jambo hili kwa uangalifu. Mzee yeyote wa kijijini anayeitumia asiiache kwa kusikia mkutanoni. Kinachomfaa ni kumuuliza daktari wake siku ya kliniki kama bado inamfaa au abadilishiwe.

Na usimsahau shemeji katika kisa chako. Kidonge chake kimoja kimepungua. Akipewa vya siku thelathini akagawa vitano, siku tano za mwisho wa mwezi sukari yake inapanda bila kinga. Watu hawalifikirii hilo kwa sababu madhara ya mtoaji hayaonekani usiku uleule.

Mtoto

Malizia kisa kwa sentensi chache kuhusu watoto, na ziseme taratibu. Kwa mtoto mdogo, kidonge kimoja tu cha glibenklamaidi kinaweza kushusha sukari mpaka degedege, kupoteza fahamu, hata kifo. Mtoto anaweza kukiokota chini ya kitanda cha bibi, au mama akampa mwenyewe gizani akidhani ni nusu ya panado. Dalili zinaweza kuchelewa saa nyingi. Kwa hiyo mtoto aliyemeza kidonge cha kisukari apelekwe hospitali hata kama anacheza, na akae huko akipimwa sukari mara kwa mara si chini ya siku nzima. Mzazi atakayeambiwa "anacheza tu, rudi naye nyumbani" ana haki ya kuomba abaki.

Wakishaogopa, wape la kufanya

Mkutano ukifika hapa utakuwa kimya. Usiuache humo. Waeleze kwanza la usiku wa dharura, kisha la kila siku.

Usiku wa dharura, dalili za kuangalia ni jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa, ukali usio wa kawaida, usingizi mzito, degedege. Kama mtu bado anaelewa na anaweza kumeza, apewe mara moja maji yenye sukari: vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Soda ya kawaida pia inafaa, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika kumi na tano, kama hajapata nafuu, apewe tena. Akipata nafuu apewe chakula cha kushiba, uji au ugali au viazi, kisha safari ya hospitali ianze. Sukari ile imemnunulia muda tu, haijaiondoa dawa mwilini.

Kama haamki au hawezi kumeza, asitiwe kitu chochote mdomoni, si maji ya sukari, si maziwa, si mafuta. Kitakwenda kwenye mapafu. Alazwe ubavu na aondoke haraka. Asilazimishwe kutapika. Maziwa, ambayo nyumba nyingi huyaamini kama kiuasumu, hayaizuii dawa hii, na muda unaotumika kuyatafuta ndio muda wa safari. Aliyekunywa pombe siku hiyo yuko kwenye hatari zaidi, kwa sababu pombe inalizuia ini kutoa sukari, na tena jamaa zake watamwacha alale wakidhani ni ulevi.

Na waambie wabebe dawa zote za nyumba nzima, bahasha, makopo na pakiti tupu, wazitie kwenye mfuko mmoja waende nazo. Mganga anayejua kilichomezwa anajua pia anapaswa kumweka mgonjwa kwa muda gani. Babu wa kwenye kisa chetu aliokolewa na sindano, na pia na bibi aliyesema ukweli kuhusu kidonge cha shemeji. Kama kuna mtu aliyetoa kidonge na anaogopa kulaumiwa, mkutano huu ndio wa kumwambia kwamba ukimya wake ni hatari kuliko kidonge.

Kwa siku za kawaida, usiwape masharti kumi. Haya machache yanatosha.

La kwanza ni jina. Dawa nyingi za vijijini zinatoka kwenye kopo kubwa na kutiwa kwenye bahasha ndogo, na juu ya bahasha mtoa dawa anaandika 1x2 au 1x3, basi. Hiyo inakwambia unywe mara ngapi, haikwambii unakunywa nini. Mfundishe kila mtu kusema dirishani: "Naomba uniandikie jina la dawa, na ugonjwa wake, na jina langu." Ni haki yake, na ni kazi ya nusu dakika. Uombe pia kwamba dawa za karatasi ngumu zisikatwekatwe kwa mkasi kidonge kimoja kimoja, maana jina huwa limechapwa mara moja au mbili tu mgongoni, na vipande vingine vinabaki bila jina wala tarehe ya mwisho wa matumizi.

La pili ni chombo. Kila mgonjwa na mfuko wake, na ndani ya mfuko kila dawa kwenye bahasha yake. Bahasha ikichanika, ihamishwe dawa pamoja na kile kipande chenye maandishi. Kwa wazee wasiosoma, chagueni uzi wa rangi: uzi mwekundu umefungwa kwenye mfuko wa babu, wa kijani kwenye wa bibi. Waeleze kwamba uzi unamtambulisha mwenye mfuko, hautambulishi dawa iliyomo. Mfuko uning'inizwe juu, mtoto asifikie.

La tatu ni siku ya kuisha. Kidonge kinaombwa kwa jirani kwa sababu cha nyumbani kimekwisha. Basi zikibaki dawa za wiki moja, hiyo ndiyo siku ya kwenda kuchukua nyingine, si siku ya kidonge cha mwisho. Na zikiisha kabla hujaenda, kukosa dawa ya presha kama amlodipini kwa siku moja si sababu ya kumeza cha mtu mwingine. Dawa hiyo inatoka mwilini polepole, na kesho yake unaweza kuwahi zahanati. Mwenye kifafa, mwenye kutumia ARV au anayechoma insulini asisubiri kesho kama anaweza kwenda leo, lakini naye asiazime.

Maswali utakayoulizwa

Acha dakika tano za maswali, kwa sababu hapo ndipo utajua kama umeeleweka. Karibu kila mara mtu atasema: "Mbona mimi nilimeza cha mke wangu na sikufa?" Usimbishie. Mwulize kilikuwa cha nini. Kama kilikuwa metfomini, dawa nyingine ya kisukari, yenyewe ikiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu mzima asiye na kisukari, kwa sababu hailazimishi kongosho. Kama kilikuwa glibenklamaidi, huenda alikuwa amekula vizuri na figo zake ni nzima. Hakuna aliyejua hayo kabla ya kumeza, hata yeye.

Mwingine atauliza: "Mimi na mume wangu wote tuna presha na tumepewa dawa ya jina moja. Hata hapo tusigawane?" Mjibu kwa ukweli, usimtishe. Kama jina ni lile lile, na kipimo ni kile kile, na yameandikwa mbele ya macho yenu, kidonge hicho hakitamdhuru kwa kuwa cha mumewe. Tatizo litakuwa kwamba wawili mnakula akiba ya mmoja. Lakini amlodipini ya 5 na ya 10 si kitu kimoja, na presha ina dawa za makundi tofauti ambazo hazifai kubadilishana. Propranololi, kwa mfano, inaweza kumbana pumzi vibaya mwenye pumu, na losatani haifai kwa mjamzito. Binti mjamzito aliyekuja kujifungulia kwa mama yake, kichwa kikamuuma, asipewe kidonge cha presha cha mama. Kichwa kinachouma kwa mjamzito kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinaanza, na hicho ni cha kukimbizwa hospitali.

Kuna atakayesema kwamba safari hii duka la dawa muhimu limempa dawa ya rangi nyingine na ameacha kuitumia kwa woga. Huyu ni muhimu sana, kwa sababu hotuba yako inaweza kuongeza watu wa aina yake. Mwambie apeleke bahasha ya zamani na mpya kwa mtoa dawa, walinganishe jina na miligramu. Yakilingana, rangi haina maana yoyote, aendelee.

Na kuhusu dawa zilizokwisha kuchanganyika, ambazo zipo nyumba nyingi, usiseme wazitupe. Zikitupwa jalalani, watoto na kuku ndio wanaozikuta, na mzee atabaki bila dawa kabisa. Zipelekwe zote zahanati, mtoa dawa azichukue, na mgonjwa aandikiwe upya kwa kufuata daftari lake la kliniki. Kubaliana na zahanati siku moja maalumu katika wiki inayofuata, na mwenyekiti aitangaze hapohapo kabla hujakaa.

Ukishuka watu watakufuata na vifuko vyao, wamefungua viganja, wanakuuliza hiki ni cha nini. Utakuwa umechoka, na vingine utaona kama unavitambua. Usitaje jina la kidonge chochote kisicho na maandishi, hata kwa mama yako mzazi. Mwandikie jina lake kwenye orodha ya siku ya zahanati, mwambie asikitumie mpaka hapo, na umwonyeshe mtoa dawa kama amekuja. Wenye dawa za kisukari, za presha au za kifafa zilizochanganyika wasisubiri siku hiyo, waende zahanati kesho asubuhi. Kisha hesabu vile vinne vya kwenye sahani kabla hujaondoka uwanjani.